Jinsi ya kuandika vesi ya rapu ya injili yenye vina vya kati bila kuvunja andiko (tunafanyia kazi Wafilipi 4:13)

Kuna siku niliimba kanisani vesi yangu, mwaka wa kwanza kabisa kushika maiki, nikasema "imeandikwa, fedha ni shina la mabaya", watu wakapiga makofi, mi nikashuka jukwaani nimevimba kichwa. Baada ya ibada mzee mmoja akaniita pembeni, akafungua Biblia yake 1 Timotheo 6:10 akanipa nisome mwenyewe kwa sauti: "Maana shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha". Akauliza, mwanangu, hilo neno kupenda umelipeleka wapi? Sikua na jibu, maana jibu la kweli ni kwamba lilikua halienei kwenye biti nikalikata.

Hapo ndo shida nzima ya rapu ya injili ilipo. Andiko lina urefu wake na biti ina urefu wake, halafu kina nacho kinataka neno fulani mahali fulani, na vikigongana hivyo vitatu ambacho huwa tunakipunguza ni andiko kwa sababu lenyewe halipigi kelele. Huu mwongozo ni wa kugeuza mpangilio: andiko linakaa kwanza, halisogei, halafu wewe ndo unazunguka. Ntatumia andiko moja tu mwanzo mpaka mwisho, Wafilipi 4:13, na tutatoka na baa nane zilizokamilika.

Kabla hatujaanza tuelewane maneno. Mstari wa Biblia ntauita andiko, mstari wa rapu ntauita baa (sio ile baa ya kunywa jamani), na kipande chote cha rapu ntakiita vesi.

Hatua ya 1: Fungua Biblia, chagua tafsiri moja, nakili kwa mkono

Usiandike andiko kutoka kichwani hata kama umelijua tangu shule ya Jumapili, kichwa kinadanganya hasa kwenye andiko unalolipenda. Wafilipi 4:13 ni mfano mzuri sana. Uliza watu kumi hapo ulipo, wengi watakwambia "nayaweza mambo yote katika Kristo anitiaye nguvu". Sasa fungua Biblia ya Union ya 1952, ile ambayo kwenye simu inaandikwa SUV, utakuta hivi:

"Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu."

Ni "yeye". Neno Kristo limo kwenye tafsiri nyingine, na ndiye anayezungumziwa kweli, kwahiyo aliyesema Kristo hajakufuru, ila kama unasema unanukuu Union basi umekosea neno. Msikilizaji aliyelikariri hilo andiko atasikia tofauti sekunde ileile na akili yake inaondoka kwenye wimbo inaanza kusahihisha.

Chagua tafsiri moja, ukae nayo. Mi natumia Union kwa sababu ndo iliyo midomoni mwa watu wengi, makanisa mengi yanakariri hiyo, na Kiswahili chake kina mapigo mazuri tu yenyewe. Habari Njema (BHN) mi naitumia kwa kazi nyingine, kuelewa. Pale Union inaposema "nayaweza mambo yote", Habari Njema inasema "naweza kukabili kila hali", na hapo taa inawaka kidogo, kumbe sio habari ya kuweza kila kitu unachokitaka, ni habari ya kuhimili kila hali inayokukuta. Ila usichanganye tafsiri mbili ndani ya nukuu moja eti nusu hii nusu ile kwa sababu kina kimekaa vizuri, hapo unakua umetunga tafsiri yako.

Kitu kidogo: Union ya zamani inaandika "yo yote" na "ye yote" kwa kutenganisha. Kwenye karatasi yako ya mashairi andika unavyotaka, kwenye sauti haina tofauti.

Hatua ya 2: Soma kinacholizunguka, maana hapo ndo utapata vesi yako

Hii hatua watu wanairuka wakidhani ni ya wachungaji tu, ila mi nakwambia kwa upande wa utunzi ndo yenye utajiri kuliko zote. Soma barua yote ya Wafilipi, ni sura 4 tu, haimalizi nusu saa. Utakutana na haya.

Paulo yuko kifungoni wakati anaandika, sura ya 1 anataja vifungo vyake zaidi ya mara moja. Watu wa Filipi wamemtumia msaada kwa mkono wa mtu anaitwa Epafrodito (4:18). Na Paulo anavyowashukuru anaweka wazi kwamba haombi zaidi, maana amejifunza kuwa radhi. Halafu andiko la 12, lililo nyuma tu ya hilo letu, linasema:

"Najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa, katika hali yo yote, na katika mambo yo yote, nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa."

Umeona? "Mambo yote" ya andiko la 13 yametajwa hapo juu kwa majina: kushiba, njaa, vingi, kupungukiwa. Kwahiyo vesi inayosema "nayaweza mambo yote, ntanunua gari, maadui wataona" imenukuu maneno sawasawa herufi kwa herufi na bado imepotosha. Hilo kosa ni baya kuliko la kukosea neno moja, kwa sababu hata ukimpa mtu Biblia afuatilie hataona kosa.

Mi hapa nikaamua vesi yangu itakua ya mtu aliyekula jana na leo hana. Sikulazimika kufikiria sana, andiko la 12 lilishanipa hadithi.

Hatua ya 3: Amua unanukuu, unasimulia au unagusia

Hizi ni daraja tatu na kila moja ina ruhusa yake. Kunukuu ni neno kwa neno, na hapo tu ndo unaruhusiwa kusema "imeandikwa" au "Paulo alisema" au kubadilisha sauti kuonyesha huyu sio mimi. Kusimulia ni kusema maana kwa maneno yako, hapo unaweza kupinda sentensi ila usitie jambo ambalo andiko halijasema. Kugusia ni kupitisha neno moja au picha moja, mfano "bonde la uvuli", anayejua atajua.

Ajali nyingi zinatokea pale mtu amesimulia halafu mbele yake kaweka "imeandikwa". Ndo nilichofanya mi na fedha yangu. Laiti ningeondoa hilo "imeandikwa" nikasema kwa sauti yangu kwamba pesa imewaharibu jamaa zangu, hakuna mzee ambaye angeniita pembeni. (Na kuna ile "jisaidie nami nitakusaidia", watu wanaiimba kabisa na "Biblia inasema" mbele yake. Itafute, utarudi mikono mitupu.)

Kwenye baa zetu nane, andiko la 13 litanukuliwa lote, la 12 litanukuliwa kipande, na habari ya kifungo na Epafrodito itasimuliwa.

Hatua ya 4: Hesabu mizani ya andiko kabla hujatafuta kina hata kimoja

Hapa ndo tuingie jikoni. Biti ya kawaida ya rapu baa yake ina mapigo manne, na kila pigo unaweza kuligawa mara nne, kwahiyo baa moja ina vyumba 16, na kila chumba kinaingia silabi moja kwa mwendo wa kawaida. Tuchukue biti ya BPM 80, baa moja inachukua sekunde 3 kamili, ni mwendo ambao Kiswahili kinasikika bila kukimbizana.

Sasa angalia hii, mi siku naigundua nilicheka peke yangu. Shairi letu la kimapokeo, lile tulilofundishwa shule, mshororo wake una mizani 16, nane za nusu ya kwanza inayoitwa ukwapi na nane za nusu ya pili inayoitwa utao, na una kina cha kati mwisho wa ukwapi na kina cha mwisho mwisho wa utao. Vyumba 16 vya baa, mizani 16 za mshororo. Yaani kile ambacho marapa wanakitafuta kwa shida, kina ndani ya mstari, babu zetu walishakipa jina na mahali pa kukaa. Ukijua kuhesabu mizani za shairi unajua kuandika baa.

Kuhesabu kwenyewe: kila irabu ni mizani moja, konsonanti zilizobanana mbele ya irabu haziongezi kitu (ngu-vu ni 2, ma-mbo ni 2, fu-ndi-shwa ni 3), ila ile m inayosimama peke yake mbele ya konsonanti inahesabika (m-tu ni 2, m-ta-a ni 3). Irabu mbili zikifuatana kila moja na yake, nja-a ni 2.

Tupime andiko letu:

Na-ya-we-za ma-mbo yo-te = 8
ka-ti-ka ye-ye a-ni-ti-a-ye ngu-vu = 12

Jumla 20. Haliingii kwenye baa moja yenye vyumba 16, na hapa ndo mahali ambapo rapa mwenye haraka anaanza kukata, anatoa "katika yeye" anabaki na "nayaweza mambo yote, anitia nguvu", 8 kwa 6, inaenea vizuri kabisa na yule anayetia nguvu ametoweka.

Usikate, gawa. Kipande cha kwanza ni mizani 8 kamili, yaani ni utao uliokamilika, kinasubiri tu ukwapi mbele yake. Kwahiyo baa ya 7 itakua maneno mengine mizani 8 halafu "Nayaweza mambo yote". Baa ya 8 itakua yote ya "katika yeye anitiaye nguvu", mizani 12, na vyumba vinne vinabaki vya kupumua. Andiko limekaa lote, na tumepata ukimya wa bure ambao tutautumia baadae.

Hatua ya 5: Tafuta vina kutoka kwenye andiko kuelekea nje

Kosa la kawaida ni mtu kuandika baa zake sita kali, halafu akifika kwenye andiko anakuta halirandani na chochote, anaanza kulipinda. Anzia kwenye andiko. Andika maneno yake yenye nguvu ya sauti kwenye karatasi, chini ya kila moja panga ndugu zake.

Kumbuka mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye shairi la kimapokeo silabi ya mwisho ikilingana inatosha, ila kwenye rapu sikio linataka kuanzia pale penye mkazo, kwahiyo "yote" na "wote" ni kina kizuri (-ote), "yote" na "pete" ni kina cha karatasi tu.

yote: wote, sote, kote, popote, lolote.
katika: fika, andika, pika, fungika, shika. Hii wengi hawaioni, "katika" ni neno la kupita tu, ila linaishia -ika, na vitenzi vya Kiswahili vinavyoishia -ika ni vingi mno. Andiko limekupa zawadi.
nguvu: hapa ni pagumu. Kina kamili cha -uvu ni fuvu na kuvu na vichache vingine, nani anataka kuimba kuhusu kuvu? Kwahiyo nikashuka kwenye irabu tu, u na u: chungu, fungu, Mungu, uchungu. Sio kina kamili, ila sikio linakubali hasa kama viko mbalimbali.

Na angalia ndani ya andiko lenyewe: "yeye" na "anitiaye", tayari kuna -ye mbili zinajibizana, hiyo hukuitunga wewe. Usiizibe kwa kulimeza neno.

Hatua ya 6: Andika kuelekea andiko

Nianze na baa ya 7 kwa sababu ndo inabeba mlango. Nahitaji mizani 8 zinazoishia -ote. Rasimu ya kwanza nikaandika "Akasema kwetu sote", mizani 8, kina safi. Nikaiacha siku mbili. Kisha nikaona, hapana, Paulo hakusema kwetu sote, ameandikia watu wa Filipi, na barua hii ndo imejaa shukrani kwa msaada wao hao hao. Sio uzushi mkubwa, ila ni uvivu. Nikarudi kusoma sura ya 1 andiko la 1, salamu yenyewe, na nikakuta: "kwa watakatifu wote katika Kristo Yesu, walioko Filipi". Hesabu: kwa-wa-ta-ka-ti-fu wo-te. Nane! Inaishia -ote! Nilikua natafuta nje kitu ambacho kiko ndani ya barua.

Baa ya 3 nayo ilinipa taabu. Nilitaka kipande cha andiko la 12, "nimefundishwa kushiba", ambacho ni mizani 8 kamili, na kina kikaniita chenyewe: "Nimefundishwa kushiba, si kuiba nikikosa". Shiba na iba, tamu hiyo, nilimwimbia rafiki yangu akaruka. Ila Paulo hapo hasemi habari ya kuiba, na mbaya zaidi nimemkatia sentensi katikati, amefundishwa kushiba NA kuona njaa, mi nimechukua shibe nikaacha njaa. Nikaifuta. Iliniuma, sidanganyi. Nikaweka kipande kizima, "Nimefundishwa kushiba na kuona njaa", mizani 14, vyumba viwili vya kimya mwisho, na neno njaa likanifungulia kina kipya cha -aa ambacho kiko kila kona ya Kiswahili: kitaa, kukaa, shujaa, balaa.

Baa nane zote, alama ya / ni mahali ukwapi unapoishia:

1. Jana nyama, leo mama / amekipindua chungu
2. Sikufuru, nashukuru / njaa nayo ina fungu
3. "Nimefundishwa kushiba / na kuona njaa"
4. Darasa langu kitaa / mtihani ni kukaa
5. Kifungoni, na rohoni / Paulo hakufungika
6. Epafrodito kafika / kalamu ikaandika
7. "Kwa watakatifu wote" / "Nayaweza mambo yote
8. katika yeye anitiaye nguvu."

Tuzipitie kidogo. Baa ya 1 ina kina ndani ya ukwapi peke yake, nyama iko chumba cha 3 na 4, mama chumba cha 7 na 8, kwahiyo sikio linapata jibu kabla hata baa haijafika nusu. Chungu kupinduliwa ni picha ya nyumbani tu, hakuna chakula, mama ameosha ameweka. Baa ya 2 inarudia mtindo uleule, kufuru na shukuru, halafu fungu linajibu chungu. Mtindo uleule kwa baa mbili unatosha, ukienda na tatu msikilizaji ameshakujua, kwahiyo baa ya 3 inavunja: haina kina cha ndani kabisa, na hiyo ni makusudi, nukuu inasimama wazi bila mapambo. Kina chake, njaa, kinajibiwa na baa ya 4 mara mbili, kitaa na kukaa.

Baa ya 5 na 6 ni kusimulia. Kifungoni na rohoni, kisha fungika, fika, andika, zote -ika, na unaona zinaelekea wapi, zinaliandalia "katika" kiti. Ikifika baa ya 8 na neno la kwanza ni "katika", sikio linasikia kina hata kabla halijajua ni andiko. Na "nguvu" mwisho kabisa inarudi kugonga chungu na fungu za mwanzo kwa mbali.

Kuna kitu kimoja mtu anaweza kunibana nacho na ana haki: baa ya 7 imeunganisha sura ya 1 na sura ya 4 kama sentensi moja. Ndio maana nimefunga alama za nukuu na kuzifungua tena, na wakati wa kuimba hapo naweka pumzi fupi, salamu naiimba kwa sauti ya msimulizi, ndani kidogo, kisha "Nayaweza" inapanda. Salamu ni ya barua hiyohiyo na wapokeaji ni walewale, kwahiyo sijamhamishia mtu maneno. Ningeunganisha Wafilipi na Zaburi namna hiyo hapo ingekua kosa.

Hatua ya 7: Panga baa ya 8 kwenye mapigo

Tuna mizani 12 na vyumba 16. Ukianza chumba cha 1 ukienda mfululizo, pigo la pili litaangukia kwenye silabi ya mwisho ya "yeye", utasikika unasema yeYÉ, na Kiswahili hakisemi hivyo. Mkazo ukianguka vibaya neno linakua geni hata kama herufi zote zipo.

Fanya hivi. Acha chumba cha 1 kimya. Ka-ti-ka ikae cha 2, 3, 4. YE ya kwanza iangukie cha 5, ambacho ndo pigo la pili, ye ya pili cha 6. Halafu nyamaza vyumba vitatu. Kisha a-ni-ti kwenye 10, 11, 12, A ianguke cha 13, ambacho ni pigo la nne, ye cha 14, na NGU-vu inafunga 15 na 16.

Ukijaribu kwa kupiga meza utaona kile kimya kimekaa baada ya "katika yeye". Msikilizaji anabaki sekunde kama nusu hivi ananing'inia kwenye neno yeye, yaani lile neno ambalo watu wanalikata ndo limekua zito kuliko yote kwenye vesi. Biti ikiwa ya haraka zaidi, tuseme BPM 95, kimya kinakua kifupi ila mpangilio ni uleule. Ikizidi sana hapo, "anitiaye" inaanza kumezwa, utasikia "antiaye", na mi hapo ningebadilisha biti kabla ya kugusa andiko.

Hatua ya 8: Pima

Usipime kwa kusoma karatasi yako, macho yanasoma ulichokusudia. Rekodi demo kwenye simu, mpe mtu Biblia ileile ya Union ameifungua, asikuone karatasi yako, asikilize huku anafuata kwa kidole. Mwambie asimamishe kila akikuta neno limezidi, limepungua au limebadilika. Mara ya kwanza mi nilisimamishwa mara mbili: nilikua nimesema "kwenye yeye" badala ya "katika yeye", ulimi tu wa kila siku, na njaa nilikua nimeivuta nikaongeza "pia" bila kujijua ili kujaza vile vyumba viwili vya kimya.

Kipimo cha pili ni cha maana. Msomee mtu asiyelijua andiko hiyo vesi halafu muulize Paulo anamaanisha nini akisema anayaweza mambo yote. Akikujibu kuhimili njaa na kifungo, vesi inafanya kazi. Akikujibu kufanikiwa, kuna kitu kwenye baa sita za mwanzo kinamdanganya, rudi huko, usiguse nukuu.

Hatua ya 9: Studio na kiitikio, ambako andiko huwa linafia

Vesi ikiwa salama hatari inahamia kwingine. Prodyuza atataka kuchukua kipande kizuri akirudierudie, na kizuri ni "nayaweza mambo yote, nayaweza mambo yote", kina utamu wake. Kikiwa kiitikio peke yake kimerudi kulekule kwa gari na maadui. Mi namwambia mapema, ukikirudia, kirudie na mkia wake, au kama lazima kigawanywe basi kwaya ijibu "katika yeye anitiaye nguvu", mwito na mwitikio, inapendeza na hakuna kilichopotea.

Vile vikelele vya nyuma navyo, "yee", "heey", "mi naweza", usiviweke kabisa kwenye baa ya 7 na 8. Hasa kwenye kile kimya cha baa ya 8, utajisikia kukijaza, usikijaze. Na ukirudia sauti juu ya sauti kuongeza uzito, hakikisha zote mbili zinasema neno lilelile, nimeshasikia nyimbo sauti moja inasema "anitiaye" nyingine "anipaye", matokeo yake ni uji.

Mwisho kwenye maelezo ya wimbo andika marejeo kwa kifupi: baa ya 3, Wafilipi 4:12, baa ya 7, Wafilipi 1:1 na 4:13, baa ya 8, Wafilipi 4:13, Biblia ya Union. Yule mzee wangu akiniita tena pembeni ntampa simu asome.